Nusu Ekari za Nakwa

Mimi ni mtu wa haraka, sikatai. Hata chai huniunguza ulimi kila asubuhi kwa kushindwa kuisubiri. Mtu kama huyo ukimpa kazi ya kuhakiki, umejitakia mwenyewe.

Ofisi yetu hapa Babati mjini inagawa mbegu za mahindi kwa wakulima wadogo. Kila kata inaleta fomu zilizojazwa kwa kalamu: jina, mtaa, simu, ekari. Tunazipiga picha, kisha programu ya kompyuta inasoma maandishi na kuyapanga kwenye orodha. Ekari ndizo zinazoamua mkulima apate kilo ngapi. Fomu ya mama yangu, mkazi wa Nakwa, huwa imo humo kila msimu. Kazi yangu ni kusema kama programu imesoma vizuri kiasi cha kuaminiwa.

Mwaka jana nililisema hilo ndani ya dakika arobaini. Nilichukua fomu hamsini za juu, nikazilinganisha na orodha, nikaona makosa mawili tu, nikasaini. Nikaenda zangu kula chipsi mayai.

Msimu huu nilikuwa nimeanza hivyo hivyo, mchapaji wetu akavuta kiti. Ni mama mmoja mkazi wa kata ya Mutuka, kanizidi miaka kama ishirini, na shikamoo yangu huwa anaipokea bila kuondoa macho kwenye kazi.

"Hizo hamsini umezitoa wapi?"

"Juu ya rundo, mama."

"Juu ni fomu za kata ya Bonga. Kule zote amezijaza karani mmoja, mwandiko wake kama wa kitabuni. Umeonja wali wa juu, mwanangu, wa chini hujui kama umeungua."

Nilinuna. Nilinuna kweli, maana alikuwa amesema kweli na mimi nilikuwa na njaa.

Basi tukaipa kila fomu namba, kompyuta ikatuchagulia mia mbili kwa bahati nasibu, kata zote zikiwa zimechanganyika. Kabla hatujafungua hata moja, akanilazimisha tuandike tutakubali nini. Majina yaliyokosewa herufi tutavumilia hadi matano kwa mia, kwa kuwa mtendaji wa kata anawajua watu wake. Ekari zisizidi kosa moja kwa mia.

"Tuandike sasa hivi," alisema. "Ukishaona majibu utaanza kujihurumia."

Kila mmoja akasoma karatasi peke yake bila kuchungulia programu imesema nini. Tulipopishana, tuliirudia fomu pamoja. Ndipo tukalinganisha na orodha, safu moja baada ya nyingine. Majina, makosa manne. Mitaa, mawili. Simu, mawili. Ekari, ishirini na mawili.

Mkuu wetu akapita, akajumlisha kichwani: makosa thelathini katika majibu mia nane. "Hata manne kwa mia hayafiki," akasema. "Pelekeni orodha, mvua haisubiri mtu."

"Mkuu, mkulima hapandi wastani," yule mama mchapaji alimjibu kwa upole. "Ekari peke yake ni kumi na moja kwa mia."

Tukamwonyesha hizo fomu ishirini na mbili. Karibu zote zilikuwa na kosa lile lile. Wanaojijazia fomu wenyewe huandika nusu kama walivyofundishwa shuleni, moja juu, mbili chini, mstari katikati. Programu ilikuwa inaidondosha. Moja na nusu ikawa moja, na nusu tupu ikawa sifuri. Nyingi zilitoka Nakwa, ambako mashamba ni madogo. Mwenye sifuri hapati hata punje.

Mkuu akakaa kitini. "Mnataka siku ngapi?"

Tuliomba mbili. Majina, mitaa na simu tukaiachia programu. Ekari tukazisoma kwa macho, fomu zote, na tukakubaliana itakuwa hivyo mpaka programu irekebishwe na ipimwe tena kwa fomu nyingine kabisa, siyo hizi tulizokwisha kuzijua. Macho yaliniuma mpaka nikasahau njaa.

Jumamosi nikaenda Nakwa nikiwa nimejaa sifa. Mama alikuwa anachambua maharage. Nikamsimulia yote huku nacheka, nikamwambia nusu ekari yake ingesomwa sifuri, na mbegu asingezipata.

"Kumbe ndiyo maana," alisema.

"Maana ya nini?"

"Mwaka jana nilisimama foleni mpaka mwisho. Jina nililikuta, kilo hakuna. Nikapanda mahindi tuliyokuwa tumebakiza ya kula."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilibisha kidogo," alisema, "yule mgawaji akanionyesha sahihi yako chini ya orodha. Nikajua mwanangu ameshahakiki, nikarudi nyumbani."