Shangazi Juu ya Mizani ya Uwanja wa Ndege

Shangazi yangu aliidharau ndege ndogo kabla hajaipanda. "Zile nzige," alisema, "zinapima watu kama mbuzi ya soko. Miye nitaenda na ndege ya watu." Alitakiwa Kisangani kumtoa dada yangu, na kwetu bila shangazi bibi arusi hatoki nyumbani. Arusi ilikuwa Jumamosi.

Barabara sikumshauri. Niliwahi kukaa siku sita juu ya lori lililozama matopeni karibu na Nia-Nia, kwenye barabara hiyo hiyo ya Kisangani, kwa hamu tu ya kuona mto. Lakini nilimwambia kwamba kampuni kubwa hutua hapa kwetu Bunia mara mbili kwa juma, ikipenda. Ile ndogo ikikosa leo, kesho ipo. Akaniuliza niliacha shule mwaka wa ngapi.

Alhamisi tulikuwa uwanjani. Kampuni kubwa hupima sanduku, si mtu. Basi sanduku alilijaza jibini ya Ituri, kilo ishirini na tatu kamili, na vitenge vya arusi akavivaa vyote, kimoja juu ya kingine. Alitembea kama gunia la pamba lenye kiburi. Tulingoja mpaka saa kumi. Ndipo kijana mwenye tai akatangaza kwamba ndege imebaki Kinshasa kwa sababu za kiufundi, itakuja Jumatatu. Alitangaza kwa Kifaransa safi kabisa. Hicho Kifaransa ndicho pekee kilichofika.

Ijumaa asubuhi shangazi aliwaendea nzige.

"Mama, panda ku mizani," mpimaji akamwambia. "Na sanduku."

"Miye? Mbele ya watu?"

"Hata askofu anapandaka, mama."

Akapanda. Mpimaji akasoma kwa sauti ya mnada: "Cent trente-huit!" Kilo mia moja thelathini na nane, pamoja na sanduku. Kwenye foleni mtu mmoja akakohoa.

"Ile yote si mwili yangu," shangazi akafoka. "Iko vitenge!"

"Mama, ndege haijui kitenge. Inajua kilo. Punguza makumi mbili."

Alilitazama sanduku, akajitazama. Shangazi wa bibi arusi hawezi kusimama mbele ya wakwe bila vitenge; bila jibini anaweza. Akanisukumia sanduku kwa mguu. "Usikule yote, weye."

Rubani akamwondoa mkiani alikokuwa amejichagulia kiti, akamkalisha mbele, nyuma ya kiti chake mwenyewe. Ndege ile ikilemewa mkia, pua huinuka vibaya. Wazito huketi mbele. Najua kwa sababu niliwahi kumuuliza rubani mmoja maswali mpaka akanifukuza.

Jumamosi jioni alinipigia simu, vigelegele vikilia nyuma yake. Bibi arusi ametoka.

"Na walinikalisha mbele kabisa, nyuma ya rubani!" alisema. "Wale wanajua heshima. Ile kampuni kubwa ingenitupa nyuma na watoto."

Niliguna tu. Kinywa kilikuwa kimejaa jibini.