Ingependeza Ifike Alhamisi

Kadar alikuwa na Kifaransa cha Jibuti, kile cha kunyoosha kola kabla ya kutamka, na Garissa nzima ilishaambiwa. Kazi yake katika shirika la mifugo ilikuwa moja: barua pepe za makao makuu ya Ufaransa azitie Kiingereza, azipeleke kwa maafisa wa mashinani. Adabu ya Mfaransa hakuimwaga hata tone. Ile salamu ya mwisho, ndefu kama kamba ya kisima, ambayo Mwingereza angeimaliza kwa "Kind regards", yeye aliifasiri yote.

Jumatatu moja ikaingia barua: "Il serait souhaitable que la liste des besoins nous parvienne avant jeudi midi." Kadar akaandika: "It would be desirable that the list of needs might reach us before Thursday noon." Akaisoma kwa sauti, akajipenda, akaituma kituo cha mashinani cha Eldas.

Huko alikuwako Kerrow, daktari wa mifugo, akihesabu mbuzi wa kuchanjwa homa ya mapafu. Akasoma, akaona wakubwa wanatamani tu. Boma mbili zilikuwa bado kuhesabiwa. Akazifuata, akatuma orodha Jumamosi, imekamilika vizuri. Oda ya chanjo ilikuwa imefungwa tangu Alhamisi adhuhuri. Nyingine ingefunguliwa baada ya miezi mitatu.

Homa haikusoma kalenda hiyo. Baada ya wiki tano Kerrow akapiga simu.

"Mbuzi wa shangazi yangu Habibo wamebaki wanne. Walikuwa sitini."

"Innaa lillaahi. Lakini walaal, ndugu yangu, siku niliiandika."

"Uliandika ingependeza. Kitu cha kupendeza mtu hufanya akipata nafasi."

"Mfaransa mkubwa hasemi lete. Akisema ingependeza, amesema lete."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Basi ungeniambia. Mimi sikulelewa Jibuti."

Mkuu wa ofisi, Sagal, alipopata habari hakumfokea. Alimsogezea kiti. "Ukiogopa kuonekana huna adabu, weka 'please'. Inatosha. Halafu sema siku, na kitakachotokea siku ikipita."

"Na kama hawakusema kitakachotokea?"

"Waulize. Usibuni."

Barua iliyofuata ilisema: "Nous vous saurions gré de bien vouloir nous adresser la liste avant le 12," yaani wangeshukuru wakitumiwa orodha kabla ya tarehe 12. Kadar akauliza kama siku hiyo ndiyo ya mwisho. Wakajibu ndiyo, oda inafungwa asubuhi ya tarehe kumi na mbili. Akaandika: "Please send us the list by the 11th. Orders close on the morning of the 12th." Akaiona fupi, kavu kama mkate wa juzi. Akatuma hivyo hivyo.

Jioni ile ile Kerrow akaleta orodha, na mstari mmoja juu yake: "Safari hii nimeelewa. Habibo hayumo. Wale wanne walikufa juzi."

Kadar akaipeleka Ufaransa. Kwa Kerrow alianza kuandika pole mara tatu, na kila mara ikatoka ndefu.