Picha Haivutwi

Kwa kawaida Fundi akihariri video za watu hukaa kimya kama maji ya mtungini. Siku ile hakutulia. Alikaa, akasimama, akafungua dirisha, akalifunga. Baba yake alikuwa anazikwa kesho yake asubuhi, na picha zake zilitakiwa kuonyeshwa ukumbini kwenye skrini pana.

Ndugu walikuwa wametuma picha kwa simu, kila mmoja na zake: ndefu za kusimama, pana za kulala, za mraba, na za karatasi zilizopigwa upya juu ya meza. Alipozipanga zote kwenye mstari mmoja wa video, kila ndefu ilijitokeza katikati ikiwa na milia miwili mieusi ubavuni. Baba mdogo, aliyekuja kusimamia asichokijua, akaguna.

"Mbona kaka yangu anachungulia mlangoni? Jaza hapo."

Fundi akaiamuru programu ijaze fremu zote kwa mkupuo. Ikajaza kweli, na kuwakata vichwa mashemeji wote waliosimama mstari wa nyuma.

"Haraka haraka haina baraka," alisema baba mdogo, kana kwamba si yeye aliyehimiza.

Ikabidi azishughulikie moja moja. Picha ndefu alizipanga mbili mbili, ubavu kwa ubavu. Ile ya mashemeji aliikuza, kisha akaishusha kidogo mpaka vichwa vikarudi, nyasi za chini zikakatwa. Nyasi hazina wa kuzililia. Zile za mraba alizitengenezea nakala, akaikuza nakala mpaka ikajaa, akaitia ukungu, akaipunguzia mwanga, na ile halisi akaiweka juu yake ikiwa nzima.

Ikabaki ya mwisho: baba kwenye kiti cha nyuma ya nyumba, miezi ya ugonjwa, mama pembeni yake, mikono yao imeshikana mapajani. Ilikuwa imelala, lakini haikuwa pana kama skrini. Akiijaza, ama paji la uso linakwenda, ama ile mikono. Baba mdogo alikuwa anagonga gonga meza. Fundi, ambaye miaka yote aliwaambia wateja kuwa picha si mpira, haivutwi, akafungua kile kifungo kinachoshikanisha upana na urefu, akavuta pembeni. Milia ikatoweka.

Mama akaingia na chai. Akaona skrini, akasimama na sinia mkononi.

"Haa. Mashavu yamerudi," alisema taratibu. "Hapo ndipo alipokuwa mume wangu. Mwanangu, hiyo usiiguse."

Fundi aliitazama tena ile picha. Saa ya mkononi ya baba ilikuwa imekuwa yai, na aliyeonekana pale hakuwa baba. Lakini utamwambiaje mjane kwamba mashavu aliyoyafurahia ni kosa la mwanawe? Alikunywa chai, ikamchoma ulimi. Moyoni alijua kuwa na yeye alitamani iwe kweli, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Keti, mama, tuangalie yote," alisema hatimaye.

Mama alicheka ilipopita picha ya mashemeji, akafuta macho kwenye picha ya harusi. Ilipofika ya mwisho, akasogea mbele.

"Na huyu mnene aliyemshika mkono?"

"Ni wewe, mama. Nimeivuta picha. Imewanenepesha wote wawili. Nisamehe."

Baba mdogo akaacha kugonga meza. Mama akautazama mkono wake wa kwenye skrini, kisha ule wa mapajani, ambao bangili ilikuwa inauzunguka bila kugusa popote.

"Mimi sikuwa hivi," alisema. "Nilikonda naye. Alipopungua kilo, na mimi nilipungua, kwa kumnyanyua na kumgeuza. Ukimnenepesha yeye, na ile kazi yangu umeifuta. Irudishe."

Fundi akairudishia umbo lake, akafunga kile kifungo. Nyuma yake akaweka nakala iliyokuzwa na kutiwa ukungu, rangi ya ukuta na ya gauni la mama ikasambaa mpaka ukingoni. Juu yake walikaa wawili wembamba, paji la uso lipo, mikono ipo, na saa ni duara.

Asubuhi, ukumbini, picha hiyo ilipotokea, shangazi mmoja aliinama sikioni mwa mama.

"Maskini, alikuwa amekonda sana."

"Tulikonda," mama akamjibu, bila kuondoa macho kwenye skrini.