Shikamoo Mbele ya Kamera

Mimi ni mtu wa kushuku, na sijawahi kuomba radhi kwa hilo. Kwa hiyo kampuni moja ya mbegu iliponiandikia kwamba kabla ya usaili wa mafunzo kazini nitafanya mtihani kwa kompyuta, hesabu na ufahamu na "maamuzi ya kazini", nilijua kuna mchezo. Nafasi ilikuwa moja kwa mkoa wetu wote. Nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi kijijini kwetu Daudi, napalilia maharage ya baba mkubwa na kusikiliza wanawake wa kanisani wakiniuliza kazi nimepata wapi. Niliitaka nafasi ile mpaka usingizi ulikuwa mgumu.

Kwenye kundi letu la wahitimu kulikuwa na jamaa anauza majibu. Sikununua, na msinisifu kwa uadilifu. Nilijiuliza tu kwa nini mtu mwenye majibu ya mtihani wa kazi hana kazi.

Aliyenisaidia ni rafiki yangu wa chuo, binti wa wafugaji kutoka Mogitu, aliyekwisha kupita mtihani wa namna hiyo mwaka uliotangulia. Tulikutana Mbulu mjini, kwenye duka la kuchapisha lenye intaneti, tukafungua mifano ya bure ambayo watunga mitihani wenyewe wameiweka mtandaoni. Alinikataza kufanya swali hata moja bila saa. "Hesabu zenyewe ni za shule," alisema. "Kinachokukamata ni muda. Ukikwama, chagua jibu linaloonekana karibu, nenda mbele. Ila soma maelekezo kwanza, maana kuna mitihani inakata alama ukikosea."

Kwenye ufahamu nilimshangaza. Unapewa aya fupi, kisha sentensi, nawe useme ni kweli, si kweli, au aya haitoshi kujua. Wengi huanguka kwa kujibu wanachokijua wao badala ya kilichoandikwa. Mimi siamini hata kilichoandikwa, seuze kisichoandikwa, kwa hiyo nilipata karibu yote. Rafiki yangu alicheka akasema kumbe roho mbaya nayo ni kipaji.

Maamuzi ya kazini ndiyo yaliyonitoa jasho. Swali moja lilisema hivi: mfanyakazi mwenye umri mkubwa kuliko wewe anapima magunia vibaya, na wakulima wako foleni wanapunjika. Utafanya nini? Umwambie mbele ya watu, umwite pembeni sasa hivi, umtafute mtu wa rika lake amwambie, au usubiri kikao cha wiki? Mimi nilichagua mtu wa rika lake bila kusita. Kwetu mtoto hamkosoi mzee, hutafutwa mzee mwenzake. Jibu likaja: bora ni kumwita pembeni sasa hivi.

Nilikasirika. Nikasema mtihani huu umetungwa na watu wasio na wajomba.

"Hebu tulia," rafiki yangu alisema. "Unafikiri kwetu sisi tunawakosoa wazee hovyo? Angalia foleni. Wakati unamtafuta mzee mwenzake, wangapi wamepunjika? Na aibu yake umeshaipeleka kwa mtu wa tatu. Ukimwita pembeni, tatizo linakwisha na heshima yake inabaki."

Akanifundisha nisiulize tu jibu sahihi ni lipi, bali kila jibu linamuumiza nani na linachelewesha nini, na nisome tena tangazo la kazi nione wanasisitiza mambo gani. Tulifanya hivyo kwa kila swali nililokosa, kwa sauti, mpaka mwenye duka akaanza kutoa maoni yake. Nilikubali, ila si kwa moyo wote.

Mtihani wenyewe niliufanyia sebuleni kwa baba mkubwa, kwa sababu nyumba yake iko mgongoni mwa kilima na mtandao unashika. Ndiye aliyenilea tangu baba yangu alipofariki. Masharti yalikuwa yameandikwa wazi: kamera iwashwe mwanzo hadi mwisho, usiinuke, usiongee, asiingie mtu. Niliwaambia wote nyumbani isipokuwa yeye, maana alikuwa ameenda mnadani na siku ya mnada harudi kabla ya jioni.

Siku hiyo alirudi mchana. Nilikuwa katikati ya hesabu, jedwali la mauzo limenikodolea macho, mlango ukafunguka. Sikufikiri. Miguu ilisimama yenyewe.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Umekula?"

Akasogea, akaiona sura yangu kwenye kona ya kioo cha kompyuta, na sura yake nyuma yangu. "Nani anatuangalia?"

"Ni mtihani, baba mkubwa. Naomba utoke nje."

Nilimwambia mzee atoke nje, nyumbani kwake. Alitoka, nami nikarudi kwenye jedwali la mauzo.

Siku chache baadaye alinipigia mwanamke wa kitengo cha rasilimali watu. Sauti yake ilikuwa laini mno, nikaishuku papo hapo. Alisema mfumo umeonyesha nimeinuka na kuongea na mtu wakati wa mtihani, nieleze. Nikasema moyoni, hili nalo ni swali lao la maamuzi, lina majibu manne na matatu ni mtego. Kusema mtandao ulikatika kulikuwa kwepesi sana. Lakini uongo ule ungemuumiza nani? Mimi, wakishaiangalia picha.

"Aliingia baba mkubwa wangu," nilisema. "Nikasimama kumwamkia. Kosa ni langu, sikumwambia nina mtihani. Nikipewa nafasi nyingine nitamweleza yeye kwanza."

Nilimsikia akiandika kwenye kompyuta.

"Usingeweza kunyamaza?"

"Kwa kweli, hapana."

Akasema watanitumia kiungo kingine, hesabu peke yake, maswali tofauti. Hakusema kama nimejibu vizuri. Mpaka leo sijui alitabasamu au alichoka.

Jioni ile nilimfuata baba mkubwa zizini, tukiwa wawili tu, nikamwambia yote: kamera, masharti, na kwamba neno langu la kumtoa nje limekuwa likinichoma. Sikumtafuta mzee mwenzake. Alisikiliza huku akimkuna ng'ombe shingoni, kisha akauliza, "Kwa hiyo ile shikamoo ndiyo kosa?" Nikasema ni kosa kwa mashine tu.

Siku ya marudio alibeba kigoda chake akakaa nje ya mlango, na upepo wa kilimani si wa mchezo. Nikiwa ndani nilisikia watu wakipita, na yeye akiwazuia mmoja mmoja. "Msiingie. Mtoto anaangaliwa." Jirani akauliza anaangaliwa na nani. "Hata mimi sijamwona," akasema, "ndiyo maana nimekaa hapa."

Nafasi niliipata, na ninayaandika haya nikiwa ofisini kwao, bado nikiwashuku. Ila kila nikiukumbuka mtihani ule, sikumbuki majedwali. Nakumbuka nilipofunga kompyuta na kufungua mlango, nikamkuta amejikunyata ndani ya blanketi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Hakuitikia. Alichungulia kwanza nyuma yangu, kule mezani, kwa hofu ambayo sikuwahi kuiona usoni pake.

"Imezimwa?" alinong'ona. "Nisije nikakuharibia."

"Imezimwa."

"Basi marahaba, mwanangu. Marahaba."