Kwa Mwezi ao kwa Voyage

Camion ile, lori letu la mizigo, ilikula décompte yote ya mume wangu, malipo ya mwisho aliyopewa alipoacha kazi ya reli. Tuliileta Kamina tukidhani mahindi ya vijijini na samaki kavu wa Bukama vitatulisha mpaka uzee. Weee! Mafuta ya mazuti yalipanda bei, boîte ya gia ikafa, tairi zikapasuka, na kila aliyekuja kuulizia bei alitaja ndogo kuliko mwenzake aliyemtangulia. Sasa pompe ya injection, ile inayosukuma mazuti kwenye moteur, nayo ilikuwa imechoka. Mvua zilikaribia, na camion isiyouzwa kabla ya mvua huku kwetu inabaki uwanjani mpaka inageuka vyuma. Ilikuwa tuiuze asubuhi ile ao tubaki mikono mitupu.

Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa Luena. Mume wangu aliamka mapema akawasha moteur, maana ikiwa baridi ilikuwa inagoma na kutoa moshi mweupe. Yule baba alipofika, kitu cha kwanza aliweka kiganja juu ya capot, kifuniko cha moteur.

"Iko moto," alisema.

Mume wangu akajibu kwamba ilitoka kuchota maji. Mnunuzi akachungulia chini, akapiga tairi teke, kisha akamgeukia shofere wetu aliyesimama pembeni. Kwetu anayenunua gari mara nyingi anachukua na shofere, kwa sababu yeye ndiye anajua magonjwa yake.

"Weye, utakuja nayo?"

Shofere alijikuna shingo. "Utanilipa kwa mwezi ao kwa voyage?"

"Kwa voyage. Bote njo banalipa vile."

"Basi hapana. Ingekuwa kwa mwezi, ningekuja."

Ningemnyonga pale pale. Hakuna aliyehitaji kuelezwa: malipo ya voyage, ya kila safari, ni ya gari linalofika, na yeye hakuamini kwamba letu litafika. Mnunuzi alitabasamu, akataja bei ya tairi na vyuma. Mume wangu alinitazama. Mimi nilitazama mawingu upande wa mashariki, nikamwambia auze.

Mnunuzi alipoenda kuleta pesa, nilimshukia shofere. Nilimkumbusha sahani za bukari alizokula kwangu, nguo nilizowapa watoto wake, yote. Aliniacha nimalize.

"Mama, camion ilipofia njia ya Malemba, nani alilala chini yake na woga wa wale benye bunduki? Ni minyi. Na kwa sababu mzigo haukufika, hamukunilipa."

Nilikuwa na hasira, na aibu ikaja juu ya hasira, na sikujua niishike ipi.

Pesa zilipofika, mume wangu alitenga za shofere kwanza, za zile siku za porini, bila kuniuliza. Zilizobaki nilizifunga kwenye ncha ya kitenge changu, kiunoni. Fundo la camion nzima lilikuwa dogo hata nilipokaa halikunibana.