Asante kwa Jana

Mlio ule ninao sikioni mpaka leo. Kwanza simu inajipiga yenyewe, ti-ti-ti, halafu kimya, halafu kelele kama bati linaburutwa juu ya mawe. Ndivyo kompyuta ya duka la stesheneri pale Same ilivyokuwa ikitafuta mtandao. Watu waliokuja kutoa fotokopi walinyamaza wote, kana kwamba kila mmoja ana ndugu yake upande wa pili wa waya.

Mara ya kwanza nilipousikia nilikuwa nimetoka kwenye usaili siku moja kabla. Ofisi ya mradi wa maji ilitafuta msichana wa mapokezi, ajuaye Kiingereza, maana wafadhili walitoka nje ya nchi. Mimi nilikuwa na kidato cha nne na matumaini mengi kuliko alama. Baba alikuwa amepunguzwa kazi shamba la mkonge lilipopata mmiliki mpya. Alikuja kukata mkonge tangu ujana wake kutoka Kigoma, na sasa alishinda ameketi uani akinoa panga lisilo na kazi. Mama alichukua samaki wakavu kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu na kuwauza Hedaru, akikimbilia madirisha ya mabasi na beseni kichwani. Nisipopata ile kazi, beseni la pili lilikuwa langu. Lilishanunuliwa. Lilikuwa la bluu, limening'inizwa ukutani.

Kwenye usaili walikuwa wawili: bwana mmoja Mtanzania mwenye tai, na mama wa Kizungu mwenye nywele za mvi. Maswali ya mwanzo niliyajibu. Kisha mama yule akaniuliza, niliwahi kutatua tatizo gani kati ya watu?

Jibu nilikuwa nalo. Kwa shangazi yangu, kijijini Kisiwani, wakati wa kiangazi, wafugaji na wakulima waligombania bomba moja, na mimi ndiye niliyesimama pale asubuhi nzima nikipanga zamu, ndoo kwanza, ng'ombe baadaye. Kwa Kiswahili ningesimulia mpaka wakacheka. Kwa Kiingereza nilifungua mdomo, na maneno yote niliyoyakariri usiku uliopita yakawa yameondoka. Bwana wa tai akatazama saa yake.

"Kama hujui, sema hujui," aliniambia kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayefunga daftari.

Yule mama alinyanyua jagi, akanimiminia maji kwenye glasi, akaisogeza mpaka mkononi mwangu. Halafu akasubiri. Sijui alisubiri muda gani; najua nilikunywa glasi yote. Ndipo akaniambia kwamba hata yeye Kiingereza alifundishwa darasani, kwao wanaongea lugha nyingine, kwa hiyo niseme kwa maneno madogomadogo niliyonayo. Nikasema: bomba moja. Watu wengi. Ng'ombe wengi. Mimi napanga. Akaitikia kwa kichwa kila sentensi, kama anazipokea moja moja mkononi. Wakati wa kuaga alinipa karatasi yenye anwani ya barua pepe ya ofisi, nikiwa na lolote la kuuliza.

Jioni nikawaambia wazazi kwamba kesho nitamwandikia kumshukuru.

Baba aliacha kunoa. "Unamshukuru kwa kipi? Kazi amekupa?"

"Bado, baba."

"Basi hiyo siyo shukrani. Hiyo ni kujipendekeza. Mtu anashukuriwa akishatoa. Ukimshukuru kabla, unamwekea deni shingoni, na ataliona."

Maneno yake yalinichoma, kwa sababu hata mimi nililelewa hivyo. Usiku wote nilijiuliza. Lakini nililelewa na jambo lingine pia. Kwetu mtu akikukirimu, hata kikombe cha uji, kesho yake ukikutana naye njiani unaanza na hilo kabla ya habari nyingine: asante kwa jana. Asiyelisema huonekana amesahau fadhila. Na mimi kazi nilikuwa sijapewa, lakini maji nilikwishayanywa. Kusubiriwa nilikwishasubiriwa.

Asubuhi, kabla sijatoka, nikamweleza baba hivyo. Alilipima panga kwa kidole gumba.

"Basi shukuru maji," alisema. "Kazi usiiguse."

Kaka mwenye duka la stesheneri alikuwa na anwani moja ya barua pepe, ya duka, na nusu ya mji tuliitumia hiyohiyo. Uliandika kwanza kwenye karatasi, yeye akachapa simu ikiwa imekatwa, maana dakika za mtandao zilikuwa ghali, kisha ndipo alipounganisha na kutuma. Jina lako aliliweka juu, kwenye kichwa cha habari, jibu likija lijulikane ni la nani. Likija, alilitoa kwenye printa, akalikunja, akalitia kwenye boksi la biskuti pale kaunta.

Alisoma karatasi yangu, akaigeuza nyuma kuona kama inaendelea.

"Dada, mbona fupi hivi? Kama sketi ya disko."

"Ndiyo imekwisha, kaka."

"Hapana bwana. Ngoja nikupambie. Tuanze na 'nina heshima kubwa', tumalize na 'mtumishi wako mtiifu'. Na katikati uweke kidogo hali ya nyumbani. Mzee kapunguzwa, mama anauza samaki. Wazungu wana huruma, wewe!"

"Akinihurumia atanipa sabuni, si kazi," nilimjibu. "Andika hivyohivyo, tafadhali."

Mama mmoja aliyeshika vyeti vya mwanawe akaangua kicheko. "Mwandikie mtoto anachotaka! Barua yake, kidomo chako!"

Akaiandika. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: *Mama mpendwa, asante kwa jana. Nilipokosa maneno ulinipa maji na ukanisubiri, na sitasahau. Niliyoyasema kuhusu bomba la Kisiwani ni ya kweli, na kazi ya kupokea watu bado naipenda sana. Tafadhali mfikishie shukrani bwana mliyekuwa naye.* Kisha jina langu, na maelezo kwamba anwani ni ya duka. Nikaona kazi nimeigusa, licha ya baba, lakini kwa ncha ya kidole tu.

Kisha ule mlio. Kisha kaka akasema, "Imekwenda."

Wiki iliyofuata kulikuwa na karatasi yangu kwenye boksi. Niliisomea pale pale kaunta, nikifuata maneno kwa kidole. Kazi walimpa msichana mwingine, aliyesomea kompyuta Moshi. Yule mama aliandika kwamba alisikitika, kwamba aliisoma barua yangu mara mbili, na kwamba bomba la Kisiwani ameliandika kwenye mpango wake, aende akalione. Mwisho aliandika neno moja la Kiswahili, *asante*, peke yake kwenye mstari.

Kaka hakunitania. Alisema anakwenda msikitini kuswali, nimwangalizie duka.

Nilikaa mbele ya mashine. Nilifikiria beseni la bluu, na kwamba kesho asubuhi nitakuwa Hedaru, na mama atajifanya hajui kwamba nimelia. Halafu nikavuta kibodi karibu. Sikuwahi kuigusa. Nilitafuta herufi moja moja, kwa kidole kimoja, nikaandika kwa Kiingereza changu kidogo: asante kwa kunijibu. Nikaunganisha simu kama nilivyomwona kaka akifanya, nikasubiri ule mlio mpaka ukaisha, nikabonyeza mwenyewe.