Nguzo za Kijivu

Nilipopewa kazi ya kutengeneza dashibodi, ukurasa wa takwimu, ofisi yetu ya Riyadh ilikuwa ikitangaza matembezi ya familia katika vichochoro vya Balad, mji mkongwe wa Jeddah. Mwandaaji alikuwa mama mmoja wa Jeddah, na alitaka jambo moja tu: kila Jumapili asubuhi afungue ukurasa mmoja, aone wangapi wamejiandikisha kila siku, wamepitia njia gani, na kama tunalifikia lengo la watu elfu mbili.

Meneja wetu wa masoko alitaka jambo lingine. Alitaka rangi ya kijani, ile ya kuonyesha mambo yanaenda vizuri. Alikuwa Mkenya mwenzangu, mtu wa viatu vya kung'aa na maneno makubwa, na alikuwa amemkodi mwanamke maarufu wa mitandaoni atutangazie matembezi yetu kwa video. Alimtaja kila saa, utadhani wamelelewa pamoja.

Kila njia niliipa kiungo chake chenye alama: video, matangazo ya kulipia, barua pepe, magrupu ya WhatsApp. Mtu akibonyeza kiungo na kumaliza kujiandikisha, mfumo unaandika ametokea wapi. Kila siku ilikuwa na nguzo yake kwenye chati, imegawanywa rangi kwa rangi. Juu yake ulipita mstari wa jumla ukipanda, na kando yake mstari wa lengo. Mwanzoni hesabu za siku hazikukaa sawa, kwa sababu mfumo ulihifadhi saa za dunia, zilizo nyuma ya saa za Riyadh kwa saa tatu. Watu wa huku hujiandikisha usiku wa manane, kwa hiyo waliojiandikisha Jumatatu walikuwa wakihesabiwa Jumapili. Nilirekebisha. Meneja aliniuliza kama hilo lingeongeza watu.

"Haliongezi," nikamwambia. "Linawaweka kwenye siku yao."

"Basi lina faida gani, dadangu?"

Nikarudi kwenye skrini yangu. Kuna maswali ambayo ukiyajibu unajivunjia heshima.

Jumapili ya kwanza mstari wetu ulikuwa chini kabisa ya mstari wa lengo. Video ya yule maarufu ilileta nguzo moja ndefu siku ilipotoka, kisha kimya kama kaburi. Meneja akaniomba nihesabu pia walioanza kujaza fomu wakaiacha njiani.

"Hao wameonyesha nia," alisema.

"Na mimi nina nia ya kuwa tajiri. Nihesabu?"

Alinuna mpaka chakula cha mchana.

Lakini kulikuwa na kundi lililompa mwanya. Kila siku walijiandikisha watu wengi ambao mfumo haukujua wametokea wapi, kwa kuwa kiungo chao hakikuwa na alama. Nilikuwa nimewapaka kijivu. Wiki ya pili meneja alidai wote ni wa video. Alisema wameona video, kisha wakatutafuta wenyewe. Inaudhi kukiri, lakini hoja hiyo haikuwa ya kipumbavu. Ingeweza kuwa kweli. Kwa hiyo sikubishana. Niliongeza swali moja kwenye fomu: umesikia kutoka kwa nani?

Wiki iliyofuata yule mama mwandaaji alituita Jeddah. Tulikaa ofisini kwake mtaa wa Al-Safa, akatumiminia kahawa mwenyewe, kisha akageukia skrini.

"Hawa wa kijivu ni wa nani?" akauliza.

"Ni wa video," meneja akasema upesi.

Nikamfungulia majibu ya wiki ile. Wengi wa kijivu walikuwa wazazi. Mzazi mmoja alinakili anwani ya fomu bila alama, akaituma kwenye grupu la darasa la mwanawe, ikaenda shule hadi shule. Waliotaja video walihesabika kwa vidole.

Mama akasukuma kikombe chake kando. "Halas, basi," akasema. "Wiki hii tuwape wazazi kiungo chao, tuachane na video."

Meneja akatazama viatu vyake. Mimi, nikiri, nilikunywa kahawa kwa raha isiyo ya kiungwana.

Nguzo za wazazi zilipanda wiki hadi wiki. Hatukufika elfu mbili. Tulikosa kidogo, na mama akasema inatosha.

Siku ya matembezi nilisimama kwenye meza ya kupokelea watu, Balad, chini ya roshani za mbao. Watoto walikuwa wengi kuliko watu wazima. Hatua chache kutoka kwangu meneja alikuwa akihojiwa na mwandishi wa habari. Alikuwa akieleza kwa utulivu jinsi alivyogundua mapema kwamba siri ya mafanikio ni wazazi.

"Tulisoma takwimu," alisema, mkono kifuani. "Mimi ni mtu wa takwimu."

Mwandishi aliandika. Mama mmoja mwenye watoto wanne akaniuliza mstari wa kuingia unaanzia wapi, nikampeleka.